Ningoje Nini?

Swali lilianzia kwa mashine ya kutolea pesa. Binamu yangu alikulia Minnesota. Mamake ni wa kwetu, Kianjokoma, lakini Kiembu hakikuvuka bahari naye, kwa hivyo binamu alikuwa amejifunza Kiswahili kwa simu na kwa kitabu kimoja cha zamani alichokitoa sijui wapi. Siku hiyo, mwezi wa Novemba, tulikuwa Embu mjini tukielekea nyumbani kwa mazishi ya guka. Alienda kutoa pesa, skrini ikamwandikia "Tafadhali subiri". Dakika kumi baadaye tukaingia matatu ya kupanda Kianjokoma, na konda akamwambia, "Ngoja wawili tu, dada, tutoke."

Binamu akanigeukia. Kitabu chake kilikuwa kimeyapa maneno yote mawili tafsiri moja. Sasa mbona mashine inasema subiri na konda anasema ngoja?

Nilikuwa nimechoka, tena nilikuwa na msiba, nikampa jibu la haraka. Nikamwambia ni kitu kimoja tu. Subiri ni ya ofisini, ya adabu, ya mashine na matangazo. Ngoja ndiyo ya nyumbani, ndiyo tunayoitumia sisi kwa sisi. Akaliandika jibu langu kwa simu yake, akaridhika. Abiria wawili wakaja, matatu ya viti 14 ikajaa, tukatoka.

Tulipofika, shosho alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa jikoni, akina mama wa kanisa wamemzunguka. Watu walikuwa wakimwinamia mmoja mmoja na kumwambia yale tunayosema kwetu: pole sana, Mungu akutie nguvu. Zamu ya binamu ilipofika, alipiga magoti, akashika mikono yote miwili ya shosho, akatafuta neno la nyumbani, neno la sisi kwa sisi. Akasema, "Ngoja, shosho. Ngoja tu."

Shosho akamtazama kwa muda. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Ningoje nini, mami? Mwenye nilikuwa nangoja ameshaenda."

Kila jioni, kwa miaka yote ninayokumbuka, shosho alikuwa akimngoja guka atoke kwa kiwanda cha kahawa, na chakula hakikupakuliwa mpaka mlango ulie. Akina mama wakanyamaza. Shangazi mmoja akasema mtoto amekosea tu, Kiswahili chake bado. Lakini mwenye kukosea nilikuwa mimi. Nilikuwa nimempa binamu neno lisilofaa, nikamtuma nalo mahali ambapo tofauti ya maneno yale mawili ilikuwa ndiyo kila kitu.

Usiku ule, kando ya moto wa mkesha, nikamjibu upya. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyaelewa baadaye, nilipokuwa mimi mwenyewe upande mbaya wa neno subiri.

Anza na ngoja. Hili ni neno la Kibantu, na linatazama nje. Ukimwambia mtu "nimengoja sana", swali litakalofuata ni moja tu: ulikuwa unangoja nini? Au nani? Hata usipolitaja jambo lenyewe, lazima liwepo mahali fulani njiani, likija. Basi, mvua, majibu ya mtihani, mgeni. Kikija ulichokuwa ukingoja, kungoja kumeisha palepale. Konda alisema "ngoja wawili", na hapo alikuwa ametoa kipimo kamili. Huhitaji kumwamini konda, unaweza kuhesabu vichwa mwenyewe. Watu hufikiri kungoja ni kukaa tu, lakini kungoja ni kukaa ukiwa umeelekea kitu.

Ndiyo maana kamusi za zamani zina neno mngojezi, na pia mngoja mlango, yaani mtu wa kulinda mlango. Kazi yake si kuvumilia. Kazi yake ni kuwa macho, kwa sababu kuna mtu au jambo litakalofika. Na ndiyo maana hata visivyo na roho vinaweza kungoja. Twasema chakula kinakungoja, kazi inakungoja. Kahawa nayo, kinyume chake, ikishaiva haingoji: ukishaichuma nyekundu leo, inatakiwa ifike kiwandani leo, la sivyo inaanza kuchachuka ndani ya gunia na mizani itakukataa. Hakuna mtu anayesema kahawa haina subira. Kahawa haina tabia. Ina saa yake tu.

Kwa Kenya, hasa kwenye mazungumzo, ngoja imefanya kazi nyingi hadi imechakaa, kama ufunguo wa nyumba ya watu wengi. Tunasema "ngoja nivae viatu", "ngoja nikwambie", na wala hatumwombi mtu akae popote. Hapo ngoja imekuwa kama hebu. Mtu anakata simu huku akisema "ngoja nikupigie", na hiyo ngoja haina uzito wowote. Mwanafunzi wa lugha akisikia hivyo mara mia kwa siku ataona ni neno dogo la kila mahali. Ndivyo nilivyomfanya binamu aone.

Sasa subiri. Hili lilitoka kwa Kiarabu, kwa herufi tatu za mzizi wa sabr, na maana yake ya zamani huko ni kufunga, kuzuia, kushikilia kitu kisitoroke. Kinachozuiwa ni nafsi. Cha kuangalia ni hiki: Mwarabu akiwa anangoja basi hatumii kitenzi hicho. Ana kingine kabisa, intadhara, ambacho ni cha kutazamia kitu kije. Kiswahili hakikukopa intadhara. Kingoja kilikuwa nacho tayari. Kilichokosekana, au labda kilichotakiwa zaidi, kilikuwa jina la ile kazi ya ndani, ya mtu kujishika asianguke. Kwa hivyo subiri iliingia kwanza kama tabia, na ndipo baadaye ikazoea kukaa steji na kungoja matatu pamoja na sisi wengine.

Kama unataka kuona tofauti kwa macho yako, jaribu kutengeneza nomino. Kutoka kwa subiri unapata subira, na saburi. Subira unaweza kuwa nayo, unaweza kuivuta, inaweza kukuishia, unaweza kumwombea mtu apewe. Ni jina zuri hata la mtoto wa kike. As-Sabur ni mojawapo ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Sasa geukia ngoja. Unapata mngojezi, ambayo ni kazi, na ngojangoja, ambayo ni lawama. Hakuna fadhila inayozaliwa na ngoja. Huwezi kumsifu mtu kwa kungoja, kama vile huwezi kumsifu kwa kusimama foleni. Alikuwa na haja, akasimama.

Hapo ndipo methali mbili ambazo walimu hupenda kuzigonganisha zinapoacha kugombana. Moja inasema subira huvuta heri. Nyingine inasema ngojangoja huumiza matumbo. Tulipokuwa shule tuliambiwa methali hupingana, tukaandika hivyo kwenye insha na tukapewa alama. Lakini angalia vitenzi. Ya kwanza inasema juu ya mtu aliyejishika. Ya pili inasema juu ya mtu ambaye kile alichoambiwa kinakuja hakiji, na tumbo lake linalipa gharama. Ni hali mbili. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili siku moja, na kila methali ikawa kweli kwake.

Na kama unataka kuziona zikiwa pamoja bila kuchanganyikana, fungua Zaburi ya 40 katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ambayo bado inasomwa katika makanisa mengi, hata ya huku kwetu. Mstari wa kwanza una maneno yote mawili. Kitenzi ni cha kungoja, na anayengojwa ni Bwana. Saburi imewekwa baadaye, kama namna ya kungoja. Watafsiri wale wangeweza kutumia neno moja tu na kuokoa wino, lakini waliona ni mambo mawili: kuna anayetazamiwa, na kuna jinsi mtu anavyojishikilia wakati anamtazamia.

Binamu alinikatiza hapo. Akauliza swali zuri kuliko maelezo yangu yote. Kama subira ni namna ya kungoja, basi inawezaje kuwepo pasipo kitu cha kungoja?

Nikamwambia kuhusu Mombasa, nilikokaa miaka miwili. Kule, kwenye msiba wa Waislamu, nilisikia mara nyingi watu wakiwaombea wafiwa: Mwenyezi Mungu awape subira. Mara ya kwanza nilishangaa. Maiti ameshazikwa. Hakuna kinachokuja. Hakuna mtu atakayefungua mlango jioni. Lakini ndipo hasa subira inapohitajika, pale ambapo kungoja kumekatika. Ngoja ikikosa kitu chake inakuwa neno la ukatili, kama lilivyokuwa sikioni mwa shosho. Subira ikikosa kitu chake inabaki imesimama, kwa sababu toka mwanzo haikuwa imeegemea kitu kinachokuja. Ilikuwa imemshika mtu mwenyewe.

Si neno tamu, wala halikukusudiwa liwe tamu. Mmea mchungu tunaouita shubiri, ambao shosho huukata na kuwawekea kuku kwenye maji wakiugua, una jina lililotoka Kiarabu pia, na kule jina lake lina herufi zile zile tatu za subira. Mtu akisema jambo ni chungu kama shubiri, yuko karibu sana na neno subira kuliko anavyodhani.

Kwa hivyo kama binamu angemwambia shosho "Mungu akupe subira", hata kama si msemo wa Embu, shosho angeuelewa. Nilimwambia hivyo. Akaenda kulala akiwa na aibu, asubuhi akamwambia shosho pole, na shosho akamwambia amenawa uso vibaya, arudi anawe tena. Hayo yakaisha.

Yangu ndiyo yalikuwa yanaanza.

Guka alifariki katikati ya mavuno. Huku kwetu kahawa nyingi huiva kati ya Oktoba na Desemba, na kama nilivyosema, haingoji msiba. Siku ya tatu baada ya mazishi ilibidi mtu aingie shambani, na mtu huyo nikawa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kufanyia kwa kompyuta na ningeweza kubaki. Nikaita wachumaji. Mchumaji hulipwa kwa debe, na desturi ya guka ilikuwa kuwalipa Jumamosi. Mimi nikachuma, nikapeleka kiwandani, nikapewa risiti za kilo, nikaweka risiti kwenye kopo la guka. Pesa zenyewe za chama cha ushirika huja miezi baadaye. Guka alilijua hilo, akawa anaweka akiba ya wachumaji kabla ya msimu. Mimi sikulijua hilo, na akiba ya mwaka ule ilikuwa imeenda hospitali na kwa jeneza.

Jumamosi ya kwanza nikawaambia wachumaji, kwa adabu zote, "Subirini kidogo." Jumamosi ya pili nikasema hivyo hivyo. Vijana wawili wakaacha kuja. Alibaki mama mmoja kutoka upande wa Mbeere, kule chini ambako mvua ni chache, aliyekuwa akipanda huku kila msimu kuchuma. Jumamosi ya tatu akaja mlangoni. Nikaanza, "Mama, naomba usubiri kidogo, chama bado hakijatulipa, unajua pia sisi tuna msiba..."

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mimi sisubiri. Mimi nangoja pesa yangu."

Hakupaza sauti. Pengine hakuwa anafikiria sarufi hata kidogo, na Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza wala yangu. Lakini alikuwa amechagua kitenzi, na kitenzi chake kilikuwa na shamirisho: pesa yangu. Madebe yake nilikuwa nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari. Kilichokuwa njiani kilijulikana, kiasi chake kilijulikana, na aliyetakiwa kukileta alikuwa amesimama mbele yake. Mimi nilikuwa nimekificha kitu hicho nyuma ya neno lisilokihitaji. Nilipomwambia asubiri, nilikuwa nimegeuza deni langu likawa mtihani wa tabia yake. Akikasirika, basi yeye ndiye hana subira. Akinyamaza, basi ni mama mzuri, na mimi napata wiki nyingine.

Tangu siku ile nimekuwa na kanuni moja, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Mwenye deni lako ana haki ya kukuomba ungoje. Hana haki ya kukuomba subira. Akikuambia ungoje, amekiri kwamba kuna kitu kinachokuja, na wewe unaweza kumuuliza: nini, kiasi gani, lini, na kisipokuja itakuwaje? Konda akisema ngoja wawili, wa tatu akiingia na gari bado limesimama, una haki ya kushuka. Lakini akikuomba subira, ameondoa kitu na kuacha wewe tu, na moyo wako, upimwe.

Subira yangu naweza kumpa mtu kwa hiari. Mama yule alikuwa nayo nyingi, kwa sababu alirudi Jumamosi ya pili na ya tatu. Lakini ilikuwa mali yake. Nilichokifanya ni kuitumia kama mkopo bila kumwomba.

Na nikaona jambo jingine lililonitia aibu zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelalamika kwamba chama kinatuambia tusubiri. Kwa hivyo neno lilikuwa limeshuka kutoka juu hadi kwangu, na mimi nikalipitisha chini, kama maji ya Rupingazi yanavyotoka mlimani na kila shamba linapokea kutoka kwa lililo juu yake. Tofauti ni kwamba maji hupungua yakishuka. Subira hii huongezeka. Aliye juu kabisa husubiri kidogo, na aliye chini kabisa, ambaye hana wa kumpitishia, husubiri yote. Mama wa Mbeere hakuwa na mtu wa kumwambia asubiri isipokuwa watoto wake wakati wa chakula cha jioni, na matumbo yao hayajui hata neno moja kati ya haya mawili.

Wewe unayesoma hili ukiwa kwa bedsita yako unajua toleo lako. Umeenda mahojiano ya kazi, ukaambiwa subiri tutakupigia. Umefanya kazi ya mtu ya wiki mbili, ukatuma ankara, ukaambiwa kuwa na subira kaka, mambo ni magumu. Jaribu kuirudisha sentensi kwenye kitenzi chake: nangoja nini, na hadi lini? Usipopata jibu, si kwamba umekosa subira. Ni kwamba hakukuwa na kitu cha kungoja, na ni afadhali ujue mapema.

Kuna mtu atasema, na shangazi yangu alisema, kwamba nazidisha. Kwamba dini zote zinatufundisha subira na mimi naifanya ionekane ujanja wa wadeni. Sidhani. Tazama Ayubu, ambaye Wakristo na Waislamu wote humtaja subira inapotajwa. Katika Biblia kitabu chake kina sura 42, na sehemu kubwa ya maneno yake mwenyewe humo ni malalamiko, tena malalamiko makali. Anauliza, anadai, anataka kesi yake isikizwe. Wanaomwambia anyamaze ni marafiki zake, na mwishoni marafiki hao ndio wanaokemewa. Kwa hivyo subira haikuwa kunyamaza hata huko ilikotukuzwa. Ni kutoachilia. Mtu anaweza kusubiri na bado akadai, na mama yule alifanya yote mawili akiwa amesimama mlangoni.

Lakini sitaki mwanafunzi atoke hapa akiwa askari wa lugha. Ukienda Dar es Salaam au Unguja utasikia watu wakisubiri basi, wakisubiri wali uive, wakikwambia "nisubiri hapo nje", na hawamaanishi fadhila yoyote. Hapa Kenya pia utasoma kwamba kazi inakusubiri, ingawa kazi haina nafsi ya kuzuia. Neno limepanuka na hakuna aliyekosea. Mashine ya pesa ikikuandikia "tafadhali subiri" haikuombi uchamungu, inaomba sekunde chache. Kwenye mambo ya steji na foleni tumia lolote, utaeleweka.

Tofauti inarudi katika sehemu mbili, na hizo ndizo za kuangalia. Ya kwanza ni pale ambapo hakuna kinachokuja: msibani, kwenye ugonjwa usiopona, kwa mtu aliyeachwa. Hapo usiseme ngoja. Ya pili ni pale ambapo kuna kitu kinachodaiwa na wewe ndiye unayedaiwa. Hapo usiseme subiri. Ukiwa na shaka, jiulize kama mtu huyo akikujibu "nini?" utakuwa na jibu. Kama unalo, sema ngoja na ulitaje. Kama huna, nyamaza, au umshike mkono.

Nilimwambia mama wa Mbeere, "Ngoja mpaka Jumatano." Nikauza baiskeli yangu Embu mjini Jumatatu, kwa bei mbaya. Jumatano asubuhi nikamtumia pesa kwa simu, pamoja na za wale vijana wawili, ambao ilibidi niwatafute. Alinipigia kusema imefika. Hakuniambia kitu kingine, na hakukuwa na kingine cha kusema. Msimu uliofuata alirudi, na nilikuwa nimetenga pesa za wachumaji toka Agosti kama guka.

Binamu alikuwa amerudi Minnesota kabla ya Krismasi. Mwezi wa Mei alinipigia, kahawa ya mapema ikiwa imeanza kuiva na mimi niko shambani na debe. Kiswahili chake kilikuwa kimeongezeka. Aliuliza habari za mvua, za kuku, za mama wa Mbeere. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayekanyaga mawe ya kuvukia mto:

"Na shosho? Anasubiri?"

Hakutaja anasubiri nini. Nikamwambia ndiyo, anasubiri. Siku hizi anapakua chakula mapema, kabla giza halijaingia.